Kelele Inapobadilisha Sauti

Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, alichapisha njia ya kumbaini mtu anayejifanya kiziwi. Anayedai hasikii hupewa maandishi asome kwa sauti. Akiwa katikati ya kusoma, masikio yake hupigiwa kelele kubwa kwa kifaa. Kiziwi wa kweli huendelea vilevile. Anayesikia hupandisha sauti papo hapo bila kujua, na kelele ikikatwa, huishusha tena. Ujanja umekwisha.

Lakini sauti haizidi ukubwa tu. Nyuzi za sauti hutetemeka mara nyingi zaidi kwa sekunde, hivyo sauti huwa nyembamba kidogo, na irabu hurefuka. Linalonivutia zaidi ni mgawanyo wa nguvu ndani ya sauti yenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida, nguvu nyingi hukaa kwenye masafa ya chini. Penye kelele, sehemu yake huhamia masafa ya juu, ambako ngurumo ya injini ya basi, kwa mfano, haifuniki sana.

Mrekodi mtu akisema maneno yaleyale mara mbili: kwanza kimya, kisha akisikilizishwa kelele kwa vipokea sauti vya masikioni. Sawazisha ukubwa wa rekodi zote mbili, uzichanganye na kelele ileile. Ya pili bado itaeleweka vizuri zaidi. Hata hivyo, mtu akifikia kupiga ukelele, maneno huanza kupotea. Kwa hiyo, penye kelele nyingi, msogelee mwenzako badala ya kumpazia sauti.