Saa Inayotembea Bila Mafuta

Marehemu baba alivaa Seiko 5 yake kila siku, na sikumbuki hata mara moja aliyoipeleka kwa fundi. Nilipoirithi ilikuwa bado inatembea, ila ilichelewa kama dakika tatu kwa siku. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa barabarani. Aliifungua nyuma, akaichomoa mashine, akaitumbukiza nzima ndani ya kikombe cha petroli, akaitikisa, kisha akaipuliza. Kazi ya dakika 20, shilingi 15,000. Saa ilikwenda sawasawa kwa wiki tatu, halafu ikasimama kabisa.

Wakati ule nilidhani imezeeka. Kumbe kilichoifikisha pale ni kile kikombe.

Mashine ya saa hii inaitwa 7S26. Seiko walianza kuitengeneza mwaka 1996. Mfuniko wa nyuma una namba ya mfululizo, na kwa saa hizi tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka iliyoundwa, ya pili ni mwezi. Ya baba inaanza na 89: Septemba ya mwaka unaoishia na 8. Kwa kuwa 7S26 haikuwepo mwaka 1988, na mimi naikumbuka mkononi mwake kabla ya 2008, basi ni ya 1998.

Hukaa haina betri. Ndani yake mna utepe wa chuma uliosokotwa, yaani springi kuu, na mkono wako unapocheza, kipande kizito cha nusu duara huzunguka na kuikaza. Nguvu ya springi hupita kwenye magurudumu hadi kwenye gurudumu la mizani, lile linalobembea huku na huku. Mizani ya 7S26 hupiga mara 6 kwa sekunde. Kwa siku ni mara 518,400. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 189. Ncha za mhimili wake ni nyembamba kama unywele, na zinazunguka juu ya vito vigumu vyenye tone la mafuta ambalo kwa macho matupu hulioni.

Tone hilo ndilo linaloamua lini saa ifanyiwe sevisi. Mafuta huzeeka, hukauka, huchanganyika na vumbi la chuma. Zamani, mafuta ya saa yalipotokana na wanyama, miaka mitatu ilikuwa mingi. Ya kutengenezwa maabara hudumu zaidi, ndiyo maana Omega hutaja miaka 5 hadi 8 na Rolex kama 10. Shida ni kwamba saa haisimami mafuta yanapokwisha. Inaendelea kutembea, chuma kikisaga mahali pake, na wewe unaiona nzima. Petroli ya yule fundi iliosha uchafu uliokuwa ukiikaba, kwa hiyo ikachangamka, lakini iliosha pia mafuta kidogo yaliyobaki na haikuweka mengine.

Mzee mmoja anayefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 30 ndiye aliyenieleza hayo. Nilimwamkia, nikamkabidhi saa, akaitikisa polepole karibu na sikio. "Mwanangu, hii haijaharibika. Imekauka," akasema. Aliilaza juu ya kifaa chenye kipaza sauti kidogo kinachosikiliza mapigo na kuandika namba kwenye skrini. Namba aliyoitazama kwanza haikuwa ya sekunde inazochelewa, bali ya upana wa bembea ya mizani, unaopimwa kwa nyuzi. Seiko ya aina hii, ikiwa imejaa na imelala, ikifika nyuzi 230 hadi 260 haina tatizo. Ya baba ilisoma 168.

Aliniruhusu nikae nitazame. Kwanza aliichomoa mashine kwenye kasha, akang'oa akrabu na uso wa saa. Kabla ya kugusa gurudumu lolote aliilegeza springi kuu taratibu, kwa sababu springi iliyokazwa ikiachiliwa ghafla huzungusha magurudumu kwa kasi na kuvunja meno. Halafu ikatoka mizani, ikafuata uma mdogo unaoruhusu jino moja moja kupita, kisha magurudumu na pipa la springi. Kila kipande kilikaa kwenye kisahani chenye vyumba, kwa mpangilio wa kutoka kwake.

Vipande vilioshwa kwa mashine ya mitetemo, katika dawa ya kusafishia na kisha kusuuzwa mara mbili. Uma aliuweka kando na spiriti: vijiwe vyake vimeshikiliwa kwa gundi ya laki, na spiriti huiyeyusha. Alichokitafuta kwa lenzi baada ya hapo ni mikwaruzo kwenye ncha za mihimili. Mmoja ulikuwa na mchirizi, akaung'arisha. Ungekuwa umeliwa zaidi, angelazimika kununua gurudumu jingine.

Kazi niliyoiona ngumu kuliko zote ni kuweka mafuta. Kila kito cha mwisho wa mizani hubanwa na springi yenye miguu mitatu, ndogo kuliko punje ya ulezi, na ikiruka chumbani huioni tena. Mzee aliitoa, akalisafisha jiwe, akaliwekea tone katikati kwa sindano. Tone lijae zaidi ya nusu ya jiwe lakini lisiguse ukingo, kwani likigusa hunyonywa na kuondoka lote. Panapokwenda kasi aliweka mafuta mepesi, panapokwenda polepole mazito. Meno ya magurudumu hayapakwi chochote.

Mwisho alibadilisha mipira ya kuzuia maji. Sisi wa pwani tunapaswa kuijali hiyo kuliko mashine yenyewe, maana jasho na chumvi huila mapema. Ukiona ukungu chini ya kioo, ipeleke saa kwa fundi siku hiyohiyo, usingoje ikauke.

Alinitoza shilingi 90,000, na saa ikakaa kwake siku nne. Bei hiyo si kubwa kwa kazi ya nusu siku ya mikono, ila ina swali lake. Mashine mpya ya NH36, inayoingia kwenye kasha lilelile, inauzwa kati ya dola 40 na 60. Kwa Seiko ya kawaida, kubadilisha mashine nzima ni uamuzi wenye akili. Kwa Omega au Rolex hakuna njia hiyo: fundi huru wa Ulaya au Marekani huweza kutoza dola 200 hadi 400 kwa saa ya kawaida ya kujijaza, na kituo cha kampuni yenyewe hukaribia 800 au kuzidi. Yenye mashine ya kupimia muda wa mashindano hugharimu zaidi. Ukipewa bei ya 15,000, uliza swali moja tu: nitaona namba za kabla na za baada?

Na kabla ya kulipa chochote, kama saa imeanza ghafla kuwahi kwa dakika nyingi kwa siku, huenda imeshika sumaku ya spika au ya pochi. Fundi huiondoa kwa sekunde chache, na hiyo si sevisi.

Ya baba ilirudi na 246. Nilitaka kujihakikishia mwenyewe. Ijumaa saa 12 jioni niliivua ikiwa imejaa, nikaiweka mezani. Ilisimama Jumapili, saa 5 na dakika 20 asubuhi, yaani baada ya saa 41 na ushei. Springi ya 7S26 huhifadhi kama saa 40.