Mafua ya Tundu Moja la Pua

Mtoto wa kike wa miaka 3 aliletwa zahanati na mama yake. Kwa siku 9 alikuwa akitokwa na kamasi zenye usaha na harufu mbaya. Alipewa dawa ya mafua, haikusaidia. Hakuwa na homa wala kikohozi.

Jambo moja lilinishangaza. Kamasi zilitoka tundu la kulia tu. Mafua ya kawaida hutoka matundu yote mawili. Nilimulika kwa tochi, nikaona haragwe limevimba ndani.

Nilimwelekeza mama. Aliziba tundu la kushoto kwa kidole, akafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, akapuliza mara moja kwa ghafla. Alipopuliza mara ya pili haragwe lilisogea mbele. Nikalivuta kwa kifaa butu kilichopinda. Baada ya siku 3 harufu ilikwisha.

Ndugu wazazi, msichokonoe pua kwa kijiti. Kitu kikisukumwa ndani chaweza kuangukia njia ya hewa. Msitie maji, kwa sababu huvimbisha haragwe. Mpelekeni mtoto zahanati. Ikiwa ni betri ya saa, nendeni hapo hapo. Betri huunguza pua kwa saa chache tu.