Kwa Nini Ndege ya Injini Moja Huvutwa Kushoto Inapopaa

Cessna 172, ndege ndogo ambayo wanafunzi wengi wa urubani huanza nayo, haishiki mstari ulionyooka injini inapopewa nguvu zote. Hata siku isiyo na upepo pua yake huanza kuhama kushoto, na rubani asipokanyaga pedali ya kulia, mstari mweupe wa katikati ya njia ya kurukia humponyoka. Tairi halina kosa. Asili ya mvuto huo ni propela, ambayo ikitazamwa kutoka kwenye kiti cha rubani huzunguka upande wa mishale ya saa.

Propela hairushi hewa nyuma tu, huizungusha pia. Hewa hiyo huuzingira mwili wa ndege kama kamba iliyosokotwa, ikipita chini ya tumbo na kupanda upande wa kushoto, kisha hulipiga pezi la wima la mkiani kwa ubavu wake wa kushoto. Mkia ukisukumwa kulia, pua huenda kushoto. Mwanzo wa mbio ndipo jambo hili huonekana zaidi, kwa kuwa injini inavuma kwa nguvu zote ilhali ndege bado inatambaa, na mizunguko ya hewa imebanana. Mwendo ukiongezeka mizunguko hutanuka, na usukani wa mkiani nao hupata upepo wa kutosha kufanya kazi.

Sababu ya pili ni torki. Injini ikiizungusha propela upande mmoja, mwili wa ndege hutaka kupinduka upande wa pili, hivyo gurudumu la kushoto hulemewa zaidi. Maelezo mengi huiweka sababu hii mbele, lakini hesabu haikubali. Injini ya nguvu za farasi 180, ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, hutoa torki ya niutoni-mita 475 hivi. Magurudumu makuu ya Cessna 172 yameachana kama mita mbili na nusu. Ukigawanya, utaona kuwa mzigo unaohama kutoka gurudumu la kulia kwenda la kushoto ni sawa na kilo 19 tu, wakati ndege iliyojaa ina uzito unaozidi kilo 1,100. Kwenye lami kavu, gurudumu la kushoto haliwezi kuivuta ndege kwa kiasi cha maana kwa sababu ya kilo hizo.

Sababu ya tatu, ambayo marubani huiita P-fakta, hungoja pua iinuke. Ndege inapokimbia ikiwa sambamba na ardhi, hewa huikabili propela uso kwa uso, na pangaboi zote hupata hewa sawa. Pua ikiinuliwa, hewa huja kutoka chini kidogo. Pangaboi linaloshuka, lililo upande wa kulia, huikabili hewa hiyo kwa kasi na kwa pembe kubwa kuliko lile linalopanda kushoto. Upande wa kulia basi huvuta zaidi, na pua husukumwa kushoto tena. Ndege zenye gurudumu dogo mkiani husimama zikiwa zimeinua pua, kwa hiyo P-fakta huzianza tangu hatua ya kwanza ya mbio.

Watengenezaji hupunguza tatizo kwa kulipa pezi la mkiani au injini mwelekeo wa kando kidogo. Lakini marekebisho hayo hupimwa kwa mwendo wa safari, si kwa kupaa, na yaliyobaki ni kazi ya mguu wa kulia. Ndege ikipanda, rubani hutazama kijipira kilicho ndani ya mrija uliopinda kwenye dashibodi. Kikikimbilia kulia, pedali ya kulia haijakanyagwa vya kutosha. Visigino hubaki sakafuni, kwa kuwa sehemu ya juu ya pedali ndiyo breki.

Hatari kubwa zaidi haipo kwenye kupaa kwa kawaida. Ipo pale rubani aliyekuwa akitua anapoghairi na kuongeza nguvu zote kwa ghafla, mwendo ukiwa mdogo na pua ikiinuka. Msokoto wa hewa na P-fakta huja kwa pamoja, na ndege ikipoteza uwezo wa kuelea huku pua imepinda, inaweza kuanza kuzunguka ikianguka, bila kimo cha kujiokoa.

Kwamba mwelekeo wa propela ndio unaoamua upande kulidhihirika kwa ndege ya kivita ya Uingereza, Spitfire. Zilizokuwa na injini ya Merlin zilivuta kushoto. Zilipowekwa injini ya Griffon, inayozunguka kinyume, zilivuta kulia, na rubani aliyezoea Merlin alilazimika kubadili mguu. Kwenye Seafire 47, dada yake wa manowari, wahandisi waliweka propela mbili zinazozunguka kinyume cha nyingine kwenye mhimili mmoja, na mvuto wa kando ukaondoka karibu wote.