Diski ya seva inapomezwa na Checkpoint

Fundi anataka kusasisha mfumo wa hesabu ulio kwenye mashine pepe ya Hyper-V. Kabla hajagusa kitu anabofya Checkpoint, ili mambo yakiharibika arudi alipokuwa. Sasisho linakubali, anahamia kazi nyingine, na Checkpoint inabaki palepale. Miezi inapita, mashine inasimama ghafla, skrini inaandika Paused-Critical: diski ya seva imejaa.

Wengi hudhani Checkpoint ni nakala ya akiba. Sivyo. Hyper-V hulifunga faili la diski ya mashine, lile la .vhdx, lisiandikwe tena, kisha hufungua faili jipya la .avhdx linalopokea mabadiliko yote ya baadaye. Ukiweka Checkpoint nyingine, .avhdx hiyo nayo hufungwa na nyingine hufunguliwa juu yake. Kila moja yaweza kukua hadi ukubwa kamili wa diski, na zote hutegemeana: ukifuta moja kwa mkono ili upate nafasi, mnyororo umekatika na mashine haiwaki.

Tuseme seva ina diski ya GB 400. Faili la .vhdx ni la ukubwa usiobadilika, GB 200. Juu yake kuna .avhdx tatu: ya kwanza GB 70, ya pili 65, ya tatu 50. Zimebaki GB 15 tu.

Dawa ni Delete Checkpoint, neno linalowatisha wengi bure. Delete hufuta njia ya kurudi nyuma tu. Mabadiliko huunganishwa kwenye faili la chini na data ya leo hubaki. Kinachorudisha mashine nyuma ni Apply, hicho ndicho cha kuogopa.

Sasa utaanza na ipi? Ukifuta Checkpoint mpya kabisa, GB 50 zitamiminwa kwenye .avhdx ya pili, nayo huenda ikahitaji kukua kupita zile GB 15. Anza na kongwe. GB 70 zitaingia kwenye .vhdx, ambayo tayari imeshika nafasi yake yote na haikui, kisha faili lile litatoweka. Hapo una GB 85 za kuendelea nazo. Lakini kama .vhdx yako ni ya kukua, ipigie hesabu ya nafasi kwanza.

Kongwe utaiona hivi:

```powershell
Get-VMSnapshot -VMName Hesabu | Sort-Object CreationTime
```

Chukua nakala kamili kwenye diski nyingine kwanza. Nafasi ikiwa finyu, zima mashine ili isiendelee kuandika. Kisha subiri: uunganishaji unaweza kuchukua saa kadhaa, na usiizime seva hadi .avhdx itoweke kwenye folda.

Checkpoint ya sasisho ikishamaliza kazi yake, ifute wiki hiyohiyo. Nayo isikupe raha ya kuacha kuchukua nakala: inakaa kwenye diski ileile, ikifa diski zimekufa zote.