Kabla Mkasi Haujagusa Pamba

Gauni la pamba lililotiwa bitana ya poliesta hutoka kwa fundi likiwa limekaa sawasawa. Likifuliwa mara moja tu, bitana huanza kuchungulia chini ya upindo. Mwenye nguo humlaumu fundi kwamba kakata vibaya. Kumbe bitana haijarefuka hata kidogo. Pamba ndiyo iliyorudi.

Chanzo kiko kiwandani. Nyuzi za mtande, zile zinazofuata urefu wa jora, hufumwa zikiwa zimekazwa, na kitambaa huzidi kuvutwa kinapopaushwa, kinapotiwa rangi na kinapokaushwa. Hukauka kikiwa kimenyooshwa hivyo, na wanga kinaopakwa hukisaidia kubaki hivyo hivyo hadi dukani. Maji ndiyo yanayokilegeza.

Wengi hudhani kwamba nyuzinyuzi za pamba hufupika. La, hizo zikilowa hunenepa. Kila uzi wa mtande hupanda juu ya uzi mmoja wa mshindio na kushuka chini ya unaofuata. Mshindio ukinenepa, mtande hulazimika kuuzunguka kwa mapana zaidi, na ncha zake huvutwa ndani. Nguo ikikauka nyuzi hukonda tena, lakini ule mpindo hubaki. Ndiyo maana kwa kawaida urefu hupungua kuliko upana.

Dawa ni kukifua kitambaa kabla ya kukikata. Kwanza kipime kitarudi kiasi gani: chora kwa kalamu isiyotoka mraba wa sentimita 50 kwa 50, mbali kidogo na ukingo, ukifue, ukikaushe, uupime tena. Tuseme urefu umekuwa 47.5 na upana 49. Huo ni upungufu wa asilimia 5 kwa urefu na 2 kwa upana. Gauni la sentimita 120 lingepoteza 6, yaani lingepanda kutoka kifundoni hadi juu yake kidogo. Mita 3 zitabaki 2.85, kwa hiyo ongeza kabla hujalipa.

Piga mshono wa zigizaga kwenye ncha zilizokatwa zisichanike nyuzi, kisha ufue kama nguo itakavyofuliwa siku zote. Anayeloweka kwa maji baridi halafu akafulia ya moto ataona nguo ikirudi tena, maana joto na msukosuko wa mashine huongeza. Usikamue kwa kusokota. Piga pasi kikiwa na unyevu, ukiibonyeza badala ya kuiburuta. Ukikivuta, unakirudishia ule mkazo wa kiwandani.

Fulana ni kesi nyingine. Vitanzi vyake huendelea kujipanga upya hata mfuo wa pili na wa tatu, basi kitambaa cha namna hiyo kifue zaidi ya mara moja kabla ya kukata.