Mteja amewasifu: mumujibu nini?

Tuchukue mfano wa koperative ya kahawa ya Idjwi. Mama mmoja mwenye restora Bukavu ameandika kwa WhatsApp, mbele ya marafiki zake: "Wageni wananiuliza hii kahawa inatoka wapi. Ni ya koperative ya Idjwi, ni bio kabisa." Wanamemba wanafurahi, na kila mumoja anashika simu. Prezidenti anaandika, sekreteri anaandika, mwingine anatuma bei ya kilo na namba tatu za simu.

Hapo ndipo mambo yanaharibika. Mama aliongea na watu wake, na sisi tumefungua soko ndani ya nyumba yake. Wenye kusoma wanaanza kufikiri kama alilipwa ili aseme vile. Siku ingine atanyamaza.

Afadhali mutu mumoja tu ajibu kwa jina la koperative, siku ileile ao kesho yake. Anaweza kuandika hivi:

"Mama, aksanti sana kwa kutaja kahawa yetu. Tumefurahi kusikia wageni waliuliza inatoka wapi: ni ya wakulima wa hapa Idjwi, ile tulivuna mwezi wa tano. Neno moja tu: mbolea ya dukani hatutumie, lakini cheti cha bio hatuyapata bado. Mwenye kuitafuta ataikuta kwenye depo yetu ya Bukavu. Utusalimie wageni wako."

Muangalie: aksanti imetangulia, na inagusa kile mama mwenyewe alisema. Biashara iko na sentensi moja tu, ile ya depo. Bei haimo. Mwenye kuiuliza tutamujibu yeye peke yake, pembeni.

Ile sentensi ya cheti wengi wangeiruka, kwa kuogopa kumupatisha mama haya. Lakini tukisema aksanti na kunyamaza, ni kama tumekubali kwamba kahawa ni bio. Bio inataka wakaguzi wafike mashambani na kutoa cheti. Mununuzi mukubwa akisoma, atakiomba, na tutabaki mikono mitupu. Hata lile neno la mbolea muliandike tu kama munajua mashamba ya wanamemba wote. Kama hamujui, muliache. Na kama mama hakusema bio, hakuna haja ya kugusa mambo ya cheti.

Mbele ya kutaja depo, mumuulize mwenye kuichunga: paketi zimebaki ngapi? Kama ni kumi tu, muache sentensi ile, mutoe aksanti peke yake. Mutu akitoka Kadutu akakuta mulango umefungwa, lawama itamurudilia mama aliyewasifu.

Maneno yake ni mazuri, na kuna wale watataka kuyachapa kwenye paketi. Mumuombe ruhusa kwanza. Akikataa, yabaki pale aliyaandika.