Wasemaji wanne, dakika kumi na mbili

Wanafunzi wanne wa chuo wamepewa kazi ya kikundi: waeleze historia ya reli ya TAZARA kwa dakika 12, na kila mmoja apewe alama zake kwa alivyozungumza. Wana slaidi 12. Hesabu ya haraka inasema kila mtu achukue tatu, na vikundi vingi huishia hapo. Siku ya siku, wa kwanza anamaliza dakika mbili kasoro, wa tatu anakwenda tano, na wa nne anasimama wakati mhadhiri ameshaanza kutazama saa. Huyo wa nne alijiandaa sawa na wenzake, ila alama zake zimeliwa na mgawanyo.

Slaidi haipimi muda. Moja ina picha ya daraja na sentensi mbili, nyingine ina jedwali la kuelezwa kwa dakika nzima. Kinachogawika ni sekunde, kwa hiyo kazi ianze na saa. Dakika 12 ni sekunde 720. Toa 60 za salamu, kutaja majina na kupishana mbele ya darasa. Zinabaki 660, na kila mmoja anapata 165, yaani dakika mbili na sekunde 45.

Sasa sekunde zigeuzwe maneno. Kila mmoja asome kwa sauti ya darasani, si ya chumbani, kwa dakika moja, kisha ahesabu maneno aliyosoma. Tuseme kwa wastani kikundi hiki kinasoma maneno 100 kwa dakika. Basi kila fungu ni maneno 275, na maandishi yote ni 1,100.

Hapo kuna mtego unaowanasa hata waangalifu. Kompyuta inapohesabu maneno, "1975" ni neno moja. Mdomoni ni "elfu moja mia tisa sabini na tano", maneno saba. Urefu wa reli hiyo, kilomita 1,860, unahesabiwa kama neno moja na kutamkwa kama sita. Msemaji mwenye miaka na vipimo kumi katika fungu lake ana maneno zaidi ya hamsini yasiyoonekana, karibu nusu dakika. Ndiyo maana anayesimulia ujenzi huchelewa, na wenzake humlaumu kwa kuburuta maneno. Namba zote ziandikwe kwa maneno kabla ya kuhesabu.

Tuiangalie rasimu yenyewe. Wanafunzi wetu wameandika sehemu nne. Ya kwanza ni sababu: Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita huko kwenda baharini, ikajikuta haina njia ya kuaminika. Ya pili ni fedha: Benki ya Dunia ilikataa, kisha Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zikatia saini makubaliano Beijing. Ya tatu ni ujenzi, ulioanza 1970 na kupita milima ya kati ya Mlimba na Makambako, penye mahandaki na madaraja mengi. Ya nne ni uendeshaji wa reli tangu ilipokabidhiwa mwaka 1976. Walipohesabu walipata maneno 310, 190, 420 na 180.

Jumla ni 1,100 kamili, lakini wa tatu ana zaidi ya mara mbili ya wa nne. Kosa la kawaida ni kumwambia wa tatu apunguze na wa nne aongeze. Wa tatu atafuta mambo mazuri kuliko yote, na wa nne atarudia aliyokwisha kuyasema. Afadhali kuhamisha mipaka, tena pale tu ambapo habari inakubali kukatwa. Maneno 95 ya kukamilika kwa reli na kukabidhiwa kwake yanaingia vizuri mwanzoni mwa sehemu ya nne, kwa kuwa makabidhiano ndiyo mwanzo wa uendeshaji. Maneno 50 ya upimaji wa njia yanarudi kwa wa pili, kwani upimaji ulifuata makubaliano. Na maneno 35 ya kukataliwa na Benki ya Dunia, ambayo wa kwanza alikuwa ameyadokeza, yanakwenda kwa wa pili penye habari ya fedha. Kila mmoja sasa ana 275, na hakuna hoja iliyopotea.

Kisha kasi ya kila mtu izingatiwe. Ikiwa wa tatu anasoma maneno 90 kwa dakika na wa nne 110, maneno 27 yavuke tena mpaka wao. Mmoja anabaki na 248 na mwingine 302, lakini saa inawapa muda uleule. Kumhimiza mpole aharakishe ni kumwonea: atajikwaa, na wasikilizaji watapoteza miaka na majina anayoyataja.

Makabidhiano nayo yana gharama. "Kwa hayo machache nisiwachoshe, namkaribisha mwenzangu aendelee." Halafu mwenzake: "Asanteni sana, kwa majina naitwa fulani, na mimi nitazungumzia..." Maneno haya yakirudiwa mara tatu yanakula karibu nusu dakika, na kila mara hadithi inasimama. Adabu haitaki hivyo. Msemaji wa kwanza amsalimu mhadhiri na darasa, awatambulishe wote wanne mara moja, na jina la kila mmoja liandikwe chini ya slaidi zake ili mtoa alama asibabaike.

Baada ya hapo kinachounganisha ni swali na jibu lake. Wa kwanza anamaliza: "Shaba ilikuwepo, njia haikuwepo. Nani angekubali kulipia reli mpya?" Wa pili anaingia: "Benki ya Dunia ilikataa kuilipia reli hiyo." Hakuna aliyemkaribisha mwenziwe, na bado kila msikilizaji amejua kwamba tumehamia kwenye fedha. Angalieni pia kwamba sentensi ya wa pili inajitosheleza. Mwenzake akisahau swali lake kwa hofu, hadithi haivunjiki.

Ili hilo liwezekane, karatasi ya kila msemaji ianze na sentensi mbili za mwisho za aliyemtangulia, zimeandikwa kwa wino mwingine. Akizisikia, anakuwa ameshasogea hatua moja mbele. Anayemaliza asiiguse slaidi inayofuata. Mwenye nayo ndiye aifungue, la sivyo darasa litaisoma kabla hajafika.

Mazoezi yafanyike kwa kusimama, mtu mmoja akishika saa ya simu na kuandika dakika ya kila makabidhiano. Kwa kikundi chetu, kama salamu ni sekunde 20 na kila kupishana ni 10, wa kwanza amalize kwenye 3:05, wa pili 6:00, wa tatu 8:55, wa nne 11:50. Mtu akipitisha sekunde kumi, acheni. Akipitisha thelathini mara mbili mfululizo, fungu lake ni refu, na dawa ni kuhamisha mpaka.

Siku yenyewe mtu anaweza kuchelewa licha ya yote hayo, kwa sababu projekta imegoma au ameulizwa swali katikati. Kwa hiyo kila fungu liwe na aya moja ya maneno kama 45, iliyowekwa alama ya mabano, ambayo ikirukwa hoja inabaki nzima. Kwa wa tatu ni habari ya kambi za wafanyakazi. Akiiruka, kwa kasi yake, nusu dakika imerudi, na wa nne anaanza kwa wakati wake.